Herufi ya Pili ya Uwani

Mlango wa nyuma wa nyumba yangu ni wa bati, na siku ile ndio uliokuwa ubao wetu. Mwalimu mstaafu alisimama mbele yake na kipande cha chaki, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Sisi wengine tulikalia ndoo zilizopinduliwa. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, alikuwa kwenye pipa la bluu akikoroga sabuni. Sabuni ya maji ukishaianza haitaki kuachwa, na inakorogwa kuelekea upande mmoja tu, kwa hiyo yeye alisikiliza kikao kizima akiwa ametugeuzia mgongo.

Tulikuwa tunatafuta jina. Lile la kwanza, Chama cha Wajane, lilitutia aibu ofisini. Mtu wa mapokezi alilifupisha mbele ya foleni nzima, akachukua mwanzo wa neno hili na mwanzo wa lile, akaita, "Haya, CHAWA, zamu yenu!" Watu walicheka hadi mlinzi akachungulia. Bi Kengele, mwenyekiti wetu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake, alimjibu palepale, "Chawa wako kichwani kwako, baba, sisi tumeleta fomu." Lakini wakati wa kurudi alikaa kimya njia nzima, na Bi Kengele akinyamaza ujue limemwingia.

Afisa wa maendeleo ya jamii hakucheka. Alitueleza kwamba jina hilo lilikuwa na mwenyewe tayari, kikundi kingine kimekwisha kusajiliwa nalo, kwa hiyo tutafute letu, na tulifupishe vizuri sisi wenyewe kabla watu hawajatufupishia. Kisha akainama juu ya meza, akapunguza sauti. Kile chumba cha sokoni chenye bomba la maji kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya kikundi cha wajane. "Kamati ikisoma jina iwaone wajane humo ndani," alisema. "Isianze kuuliza maswali. Na fomu mwisho Ijumaa."

Bomba. Mtu asiyetengeneza sabuni hawezi kujua neno hilo lilitupiga vipi. Pipa moja linakunywa maji kama ng'ombe, na sisi maji tuliyabeba kutoka kisima cha barabara ya pili. Bi Kengele bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Akiinua mkono huo kuaga mtu, anaunyanyua kwa mkono wa kushoto.

"Sikilizeni," Mwalimu alisema siku hiyo uwani kwangu. "Kuna njia mbili. Ya kwanza, unaandika nyinyi ni nani na mnafanya nini, halafu unaokota herufi za mwanzo uone zimetoa nini. Wa, na, kwa, cha, hizo unaziruka."

Akaandika: Kikundi cha Wajane Watengeneza Sabuni. Akaokota herufi. KWWS.

"Hiyo mtu akiitamka atapaliwa," alisema Bi Kengele.

"Ndiyo maana watu wanapenda njia ya pili. Unachagua kwanza neno tamu, halafu unalitafutia maneno ya kulijaza. Jina linatoka zuri. Ila mnajenga paa kabla ya ukuta, mjue. Mnaweza kujikuta nyumba haiwatoshi."

Hakuna aliyejali habari ya paa. Tulirusha maneno kama mnada: Faraja, Tumaini, Amani, Neema. Mwalimu alitikisa kichwa kila mara. Hayo yote yamepakwa rangi kwenye kila kibanda cha mji huu, alisema, tutachanganywa na wauza mkaa.

Ndipo mkwe wangu akasema bila kugeuka, "Kwani sisi si watu wa uwani? Sabuni tunakorogea uwani, vikao uwani, kulia uwani, kucheka uwani. Mtu akitutafuta anaambiwa pita nyuma, wako uwani."

Mwalimu akageukia mlango, akaandika kwenda chini, herufi moja moja, kubwa kubwa: U, W, A, N, I.

"Mdogo wetu huyu," alisema Fundi, mshonaji wetu, "ana akili za kuficha."

Sote tulisogeza ndoo karibu. U ilikuwa rahisi, Umoja. Chaki ilipofika kwenye W, Bi Kengele hakumsubiri mtu. "Wajane! Si ndilo wanalotaka kuliona? Andika, Mwalimu, kabla haijapoa." Mwalimu akaandika. Wakapiga makofi. A tuliipa Afya, kwa kuwa sabuni ni afya. Kwenye N kukawa na vita. Mmoja alitaka Nyumba, mwingine Nguvu, na Fundi akasema, "Andikeni Ndoa."

"Ndoa ya nani hapa, wewe mwanamke?"

"Mlango haufungwi, shoga yangu. Mimi nauacha wazi."

Tulicheka, Nguvu ikashinda. Ile I ya mwisho waliniachia mimi, nikasema Imani, kwa sababu bila hiyo mimi nisingekuwa nimekaa kwenye ile ndoo. Mwalimu akasoma lote kwa sauti ya darasani: Umoja wa Wajane kwa Afya, Nguvu na Imani. UWANI.

Lilikuwa jina zuri. Lilikaa mdomoni kama lilikuwepo tangu zamani. Fundi alianza hapohapo kupima kitambaa kwa macho, akisema aproni ataanza kuzidarizi leo leo, herufi tano tu, kifuani. Mimi katika furaha hiyo nilisikia kitu kimepungua. Nikageuka. Mwiko ulikuwa umesimama ndani ya pipa. Mkwe wangu alikuwa anautazama mlango, ile herufi ya pili.

Yeye si mjane. Au labda ni mjane, Mungu ndiye ajuaye. Mwanangu alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu. Aliondoka alfajiri moja, nikamsikia akimwambia mkewe gesi inakaribia kwisha. Dereva alirudi peke yake akasema kijana alishuka kwenye kituo cha mpakani kununua maji ya kunywa na hakuonekana tena. Tulikwenda polisi, hospitali, na mpaka kwenye vyumba ambavyo mama hapaswi kuingia. Hatukumpata akiwa hai, hatukumpata akiwa amekufa. Mvua zimekuja na kupita, mjukuu wangu ameota meno na sasa anasoma.

Wakati tunaanza sabuni, mimi ndiye niliyemleta mkwe wangu. Hakuna aliyeuliza. Alikuwa mwanamke asiye na mume nyumbani, ana mtoto, ana mikono, basi.

Bi Kengele naye aliona ninachokitazama. Alisubiri wengine watawanyike, akaja kukaa karibu nami.

"Dada, tusizunguke. Kamati itataka kila mwanachama awe na karatasi. Cheti cha kifo, au barua ya serikali ya mtaa. Wote tunazo."

"Wote isipokuwa mmoja."

"Nenda naye mtaani. Wewe ndiye mama mzazi. Ukisema amefariki, nani atabisha?"

"Unataka nikaseme mwanangu amekufa."

"Nataka ukachukue karatasi." Alikuwa akilikanda lile bega. "Karatasi haiui mtu. Siku akirudi tutachinja kuku, tutaichana, tutacheka."

"Na nisiposema?"

Mkwe wangu alikuwa pale pale, anasuuza mwiko kwa maji machache, anasikia kila kitu. "Basi jina halimhusu," Bi Kengele alisema mwisho. "Na mimi siwezi kupoteza bomba la wanawake wote kwa ajili ya mmoja. Nisamehe, dada. Bora nikwambie usoni."

Aliondoka. Ilikuwa ni haki yake kusema, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningekuwa nimekaa kiti chake, labda ningesema hivyohivyo.

Jioni ile tulikuwa jikoni, mimi nachambua mchele, mkwe wangu anamenya vitunguu. Mtoto alikuwa anaandika kazi ya shule sebuleni. Halafu mkwe wangu akaanza.

"Mama, twende tu."

"Wapi?"

"Mtaani. Nimewaza. Ada ya mtoto inatoka kwenye sabuni, dawa yako ya presha inatoka kwenye sabuni. Tukaseme tu."

Aliongea kwa wepesi, macho yakiwa kwenye kitunguu, na mimi nikaingiwa na kitu ambacho sikukipenda. Nilimwangalia vizuri. Bado kijana. Amenyooka. Mwanamke akishaitwa mjane, anayo ruhusa ya kuanza upya, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Nikajiuliza amelisubiri neno hilo tangu lini. Nimemwomba Mungu msamaha kwa wazo lile, lakini lilikuja, na lilitoka mdomoni.

"Umechoka kumsubiri? Kama kuna mtu, niambie. Sitakufukuza."

Kisu kilisimama. Nilidhani atalia, au atanitukana, na vyote viwili ningevistahili. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na simu ndogo ya vitufe, ile ya zamani ya mwanangu aliyoiacha kwa sababu kioo kilipasuka. Akaiweka juu ya meza kati ya mchele na vitunguu. Ilikuwa imewashwa. Chaji imejaa.

"Laini yake ya pili imo humu," alisema. "Laini isipotumika wanaifunga, wanampa mtu mwingine namba. Kwa hiyo naweka vocha, najipigia mwenyewe, nakata. Kila mwezi. Yeye hakuwahi kushika namba yangu kichwani, mama, unamjua alivyo. Hii ndiyo namba pekee aliyoikariri."

Nilinyoosha mkono nikamshika kiwiko. Alinuka vitunguu na ile harufu ya limau ya sabuni yetu.

"Mimi sikuchoka," alisema. "Ila mtoto akikosa ada, kusubiri kwangu kutamlisha nini?"

Kesho yake asubuhi tulikwenda. Ofisi ya mtaa ni chumba kimoja, meza moja, benchi moja, na kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu mpole, tumeuziana naye vitu miaka mingi. Alitukaribisha, akaniuliza hali, akavuta karatasi yenye nembo juu, akafungua kalamu. Nilimwambia tumekuja kwa ajili ya barua ya mwanangu. Aliinamisha kichwa, akasema pole, kwa sauti ya mtu ambaye alishahesabu jambo hili limekwisha zamani.

Aliandika jina. Akaandika la mkwe wangu. Aliandika taratibu, mwandiko wa kulala. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Alifariki tarehe ngapi?"

Nilifungua mdomo.

Nimezaa mtoto mmoja. Siku aliyozaliwa naijua, na hali ya hewa yake, na mkunga alivyovaa. Sasa mtu mwema amekaa mbele yangu anangoja nimchagulie siku ya kufa, kama ninavyochagua siku ya kufua. Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nilitafuta siku kichwani, nikaona siku zote zimejaa yeye akitembea, yeye akinywa maji, yeye akiwa mahali nisipopaona. Hapakuwa na hata moja iliyokuwa tupu.

"Mama?" aliita mwenyekiti. "Hata kwa kukadiria tu. Mwezi."

Nilimtazama mkwe wangu ili anisaidie. Alikuwa amekaza macho kwenye ile ncha ya kalamu. Nikajua akitaja mwezi wowote, hataweza kuurudisha, na kila mwaka mwezi ule ukija atauogopa. Nikajua pia kwamba atautaja. Nilimwona akivuta pumzi.

"Usiandike," nilisema.

"Mama," mkwe wangu alininong'oneza, "nimeshakuwa tayari."

"Mimi siko tayari. Baba, samahani, tumekupotezea karatasi."

Mwenyekiti wa mtaa aliichana ile karatasi mara mbili, kwa heshima, kama anakunja nguo. Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na mkwe wangu alitembea mbele yangu, haraka, na mimi sikumwita.

Uwani kwangu wote walikuwepo. Fundi alikuwa ametimiza ahadi, aproni zilikuwa zimetandazwa juu ya kamba, za kijani, na kifuani UWANI kwa uzi mweupe, herufi zimenona. Aliiinua moja akaileta kwa mkwe wangu. "Mwenye neno avae wa kwanza."

Mkwe wangu aliipokea. Aliitazama. Kisha akaikunja, mara moja, na mara ya pili, akaiweka juu ya ndoo mbele ya Bi Kengele.

"Hatukupata barua," alisema. "Jina ni zuri, msilibadilishe. Nitakuja kukoroga kama kibarua mkiniita."

Bi Kengele aliniangalia mimi. "Dada, umekataa?"

"Aliniuliza tarehe," nilisema. "Sikuwa nayo."

Nilitegemea atanijia juu. Aliangalia chini tu, akachezea kamba ya aproni yake. Kila mmoja wetu pale tarehe yake anayo, na kila mmoja anajua ilivyo nzito.

Mwalimu alikuwa amekaa pembeni. Alijisukuma kwa magoti akasimama, akaenda kwenye mlango ambako maneno yetu yalikuwa bado yapo. "Niliwaambia kuhusu paa," alisema, lakini hakusema kwa kujisifu, alikuwa amechoka. "Neno tumelipenda, sasa tunamkata mtu miguu alingane nalo. Njoo hapa, mwanangu."

Mkwe wangu akasogea.

"Usiniambie kitu ambacho hukijui. Niambie unachokijua. Wewe ni nani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Unajua."

Mkwe wangu aliutazama mlango. "Sijui kama ameondoka au amefariki," alisema polepole. "Najua tu kwamba mimi nimebaki. Na mtoto amebaki. Na mama yake huyu hapa amebaki."

Mwalimu aliweka kiganja juu ya mlango akafuta. Alifuta neno Wajane, lakini ile W ya mwanzo aliizungushia kidole akaiacha. Pembeni yake akaandika "aliobaki". Akarudi nyuma tusome. Umoja wa Waliobaki kwa Afya, Nguvu na Imani.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Fundi alisoma kwa midomo, akakaa juu ya ndoo yake kama amesukumwa. "Mimi nilipomzika wangu," alisema, "watu waliniita mjane tangu kwenye gari la maiti. Mimi nilikuwa nawaza tu, sasa nimebaki na nani. Neno hilo ndilo lilikuwa langu."

"Herufi hazikuguswa," Mwalimu alimwambia Bi Kengele. "Aproni ni zilezile."

"Aproni!" Bi Kengele alilipuka. "Nani anaongelea aproni? Afisa alisema wazi, wajane waonekane. Hapo wanaonekana wapi? Waliobaki wanaweza kuwa waliobaki stendi! Mnanikata mkono wa pili huu?" Aligonga bega lake. "Nyinyi mnajua mimi nabeba vipi? Usiku siwezi hata kujigeuza. Halafu leo mnanipa neno la kulia mnaninyang'anya bomba."

Alikuwa anasema kweli. Mkwe wangu alisema, "Lirudisheni neno la kwanza. Mimi sitakasirika." Bi Kengele alimgeukia kwa hasira, "Na wewe nyamaza, unaniongezea tu mzigo!" Halafu akachukua fomu, akampa Mwalimu. "Jaza ulivyofuta. Kesho tunakwenda. Afisa ataamua, lawama zisiwe juu yangu."

Ijumaa ofisini palijaa. Tulikwenda wanne, Bi Kengele mbele, Mwalimu na fomu, mimi, na mkwe wangu ambaye sikumwachia nafasi ya kukataa. Aproni yake nilikuwa nimeibeba kwenye mkoba wangu. Mtu wa mapokezi alitutambua. "Leo mmekuja na nani?" alitabasamu. Bi Kengele alimtazama tu, mtu yule akaacha kutabasamu.

Afisa alisoma fomu kwa kidole. Alipofika kwenye jina alirudia mara mbili. "Uwani. Aa, hili zuri. Hili linatamkika." Kidole kikashuka kwenye kirefu chake. Kikasimama.

"Waliobaki ni akina nani?"

"Wajane," alisema Mwalimu, "na mwenzetu ambaye mume wake hajulikani alipo. Imeandikwa kwenye sifa za wanachama, ukurasa wa pili."

Afisa aliufungua ukurasa wa pili, akausoma, akaufunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na rundo la fomu kushoto kwake na lingine kulia. "Mimi kusajili nawasajili, hakuna tatizo. Ila chumba nimewaeleza. Kamati inakaa mchana huu, inasoma majina kwenye orodha, kurasa za pili haisomi. Kuna kikundi kingine kimeomba, kimeandika wajane wazi." Akachukua kalamu, akaiweka juu ya fomu, akaisukuma kuelekea kwa Bi Kengele. "Neno moja tu. Kata hapa, andika Wajane, tia sahihi pembeni. Herufi ni ileile. Nagonga muhuri sasa hivi, na naipeleka mimi mwenyewe."

Bi Kengele aliishika kalamu.

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, namwona shavu. Mkono wa kulia ndio uliokuwa na kalamu, na aliushikilia kwa ule wa kushoto, kwa sababu bega lile halipendi kuinuliwa hata kwa urefu wa meza. Nilianza kuomba kimoyomoyo, kisha nikasita, kwa kuwa sikujua niombe nini. Nikiomba asikate, naomba aendelee kuumia. Mkwe wangu nyuma yetu alikuwa ameingiza mkono mfukoni, na nilijua ameshika nini humo.

"Mama, foleni," afisa alisema kwa upole.

Bi Kengele aligeuka, akamwangalia mkwe wangu kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kuutia kichwani. "Wewe," alisema, "lile pipa la mwisho nani alikoroga?"

"Mimi, mama."

"Na lile kabla yake?"

"Mimi."

Alirudi mezani. Aliinama, akaweka kalamu mahali pa sahihi ya mwenyekiti, chini kabisa, mbali na jina, akaandika sahihi yake ndefu yenye mkia. Akairudisha kalamu.

"Gonga muhuri," alisema. "Ilivyo."

"Chumba, mama..."

"Nimekusikia, mwanangu. Sina tatizo la masikio, nina tatizo la bega. Gonga."

Muhuri ulilia juu ya meza. Nilitoa aproni kwenye mkoba nikampa mkwe wangu, naye aliivaa palepale mbele ya foleni, mikono inamshinda kufunga nyuma, ikabidi nimfungie mimi.

Chumba kilichukuliwa na wale wengine. Tulijua hivyo Jumatatu, na Fundi alitukana kidogo, kisha akaomba radhi kwangu kwa sababu anajua sipendi. Hatukuwa na la kufanya. Sabuni ilikuwa inaagizwa, na pipa lilikuwa tupu.

Asubuhi ile nilipotoka uwani nilimkuta mkwe wangu ameshakwenda kisimani peke yake na kurudi, ndoo zimepangwa ukutani, zimejaa. Simu ndogo alikuwa ameiweka juu ya dirisha, kwenye kivuli, isilowe. Bi Kengele aliingia, akaziona ndoo, akasimama. Alinyanyua mkono wa kushoto kutusalimu.

"Nani kasema mimi siwezi kubeba?" alifoka.

"Hakuna aliyesema," mkwe wangu alimjibu, akichukua mwiko. "Kaa hapo utupimie chumvi ya sabuni."

"Hata chumvi unanipangia sasa!" Lakini alikaa. Alipoona tunamtazama akatikisa kichwa, akapaza ile sauti yake mpaka majirani wakasikia. "Haya, waliobaki! Korogeni!"

Mwiko ukazama, ukaanza kuzunguka kuelekea upande mmoja.